Roman Haitoki Roma

Kwa miaka mingi nilichagulia wanafunzi vitabu kwa rula. Nacheka sasa, lakini wakati ule nilijiona mjuzi. Nilifundisha Kifaransa katika sekondari moja pale Kabambare, na shule haikuwa na maktaba. Kila mwaka niliazima vitabu vya maktaba ya parokia ya Kasongo, vikafika kwa pikipiki ndani ya katoni iliyofungwa kwa mpira, pembe zikiwa na tope. Nilivipanga mezani, nikavipima unene, na mwanafunzi dhaifu nikampa kitabu chembamba, hodari nikampa kinene. Kazi ilikwisha kwa dakika ishirini.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kila mwanafunzi wa darasa la tano alisoma roman moja, yaani riwaya, akaandika fishi yake: mwandishi, wahusika, muhtasari, mada, na mwisho maoni yake mwenyewe. Kisha alisimama mbele ya wenzake na kuitetea. Kitabu kisipungue kurasa mia, mada ya mwaka iguswe, na muda ulikuwa wiki tatu. Mwaka ninaousimulia mada ilikuwa haki.

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye tayari alikuwa amedubla darasa hilo. Kwetu anayerudia darasa mara moja anasamehewa. Akishindwa tena, shule inamwonyesha mlango. Hesabu aliiweza, jiografia aliiweza, Kifaransa ndicho kilichomwangusha, na fishi ndiyo iliyobeba alama nyingi za muhula. Alijua hivyo, nami nilijua. Aliponijia siku ile alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuchomwa sindano.

Nilimchagulia chembamba kuliko vyote. Kurasa mia na nne, herufi kubwa, mapenzi ya vijana wawili katika mji wa Ulaya wakati wa baridi. Haki ndani yake haikuwamo, lakini nilikuwa tayari kuivuta mada hadi ifike. Haki ya kupendana, kwa nini isiwe mada?

Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa na desturi moja nzuri. Kabla ya kumpa mtu kitabu nilimfungulia ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole viwili au vitatu, kitabu kinamfaa. Mkono mzima ukijaa, kitamlemea akiwa peke yake. Msichana akaanza kusoma. Kabla ya kufika nusu ya ukurasa mkono wa kulia ulikuwa umejaa, akahamia wa kushoto. Hakujua neno la theluji, wala la jiko linalojengwa ndani ya ukuta, wala la treni inayopita chini ya ardhi, wala la makoti matatu ya aina tatu. Mikono yote miwili ilipokwisha alinitazama, nadhani akijiuliza kama aendelee na vidole vya miguu.

"Sasa unapenda nini?" nikamwuliza. "Unapenda vitabu vya namna gani?"

"Napenda vyote, madame."

Hilo ni jibu la adabu, na halina msaada wowote. Nilimwambia arudi kesho yake saa nane.

Kesho yake alikuja saa tisa na nusu. Mimi sipendi kungojeshwa, na nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno. Lakini nilipomwuliza alikuwa wapi, alijibu kwamba alipita kwa chefu, kulikuwa na shauri la mbuzi.

"Mbuzi gani?"

Akanieleza. Mbuzi wa mama mmoja alikula mihogo iliyoanikwa na jirani. Mama alisema mihogo ilianikwa njiani. Jirani alisema njia ilihama, zamani ilipita upande wa pili, na akamleta shahidi. Msichana aliigiza sauti ya mama, sauti ya jirani, sauti ya shahidi aliyekuwa na kikohozi. Alinionyesha mahali shahidi alipojikanyaga, maana alisema aliiona njia ile kabla ya kuhamia mtaa ule. Hakuna aliyeliona hilo barazani, alisema, isipokuwa baba yake. Baba yake alikuwa mmoja wa wazee wanaokaa na chefu kusikiliza mashauri, naye alimzoesha kukaa nyuma na kunyamaza tangu akiwa mdogo. Nilisahau kumgombeza. Nilitaka kujua mbuzi alihukumiwaje.

Basi nikarudi kwenye katoni na kutoa kitabu ambacho kwa rula yangu nisingempa kamwe. Kurasa mia mbili thelathini na mbili, herufi ndogo, na mwandishi wa nchi nyingine ya Afrika mwenye sentensi ndefu. Kilihusu watoto wa ndugu wawili wanaogombania shamba la michikichi. Mmoja alilipanda na kulitunza miaka thelathini. Mwingine alirudi kutoka mjini na karatasi ya serikali. Nilimfungulia ukurasa wa katikati, akaanza kusoma, nami nikatazama mikono yake kuliko nilivyotazama kitabu.

Alikunja vidole viwili tu: jina la kitambaa na jina la mti wa nchi ile. Mlalamikaji, mpaka, urithi, kiapo, ushahidi, yote kwa Kifaransa aliyajua, maana karani wa baraza aliyasema kila wiki. Nikamwambia afunge kitabu anieleze alichosoma. Akanieleza, na akaongeza kwamba yule mwenye karatasi alikuwa anaficha kitu.

Nilishangaa, na nitasema wazi, niliona haya. Kitabu nilichokiita rahisi kilikuwa kigumu kwake, na kigumu kilikuwa rahisi. Unene wa kitabu haukuniambia chochote juu ya mtu aliyekuwa mbele yangu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi sikuwa nimeuliza.

Tulipiga hesabu pamoja. Nilimpima kwa saa yangu: kurasa nne kwa nusu saa, bila kukimbia. Siku ishirini na moja, tukatoa tano za kuandika, zikabaki kumi na sita. Ziligeuka kurasa kumi na tano kwa siku, karibu saa mbili. Alisema anaziweza, akakifunga kitabu ndani ya kitenge na kwenda nacho nyumbani.

Siku ya tano alikirudisha, bado kikiwa ndani ya kitenge.

"Madame, baba anasema asante, lakini kitabu hii turudishe."

"Juu ya nini?"

"Anasema iko ya Roma."

Nilikigeuza kitabu huku na huku. Sikuona Roma yoyote. Ndipo nikaona neno lililochapishwa chini ya jina la kitabu, kwenye jalada: *roman*. Na ndani, ukurasa wa kwanza, muhuri wa parokia, mkubwa na wa bluu, wenye msalaba katikati. Baba yake ni Mwislamu, na herufi anazijua, hata kama Kifaransa hakijui. Alikuwa amesoma jalada, akafungua, akaona msalaba, akahukumu. Kama ningekuwa yeye nami ningehukumu hivyo hivyo.

Siku ya kwenda kwao ilikuwa Jumamosi, maana Ijumaa nisingempata. Siku mbili nyingine zikapotea. Alinipokea vizuri, akanipa kiti chenye mgongo, yeye akakaa kwenye kigoda. Msichana alikuwa mlangoni akichambua mchele, na nilijua anasikia kila neno.

"Madame, miye sina ubaya na watu ya misioni," baba alisema. "Ku Idi wanakulaka kwetu, ku Noeli tunaendaka kwao. Lakini mutoto yangu aandike fishi ya dini ya Roma, na wamupe pointi juu ya ile? Hapana."

"Baba, roman haiko dini. Roman haitoki Roma. Roman ni hadithi."

Nilidhani nimemaliza. Yeye aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Hadithi ya nani?"

"Ya mwandishi."

"Kwetu hadithi iko maneno ya Mtume. Kila hadithi iko na wenye kuipokea, huyu kwa huyu, huyu kwa huyu, mpaka mwisho. Ule mwandishi alipokea kwa nani?"

"Hakupokea kwa mutu. Alitunga yeye mwenyewe."

"Alitunga ku kichwa?"

"Ndiyo."

"Basi iko uongo."

Nilikuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto. Nilianza kueleza kwamba ni uongo wa namna fulani, uongo usiodanganya, uongo ambao msomaji anajua tangu mwanzo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wa yule baba ulivyozidi kuwa mpole. Mtu akikuonea huruma huwa mpole hivyo.

"Munafundisha mutoto uongo," alisema taratibu, "kisha munamupa pointi."

Nimefundisha roman tangu ujana wangu. Nimeandika ubaoni maana yake kila mwaka na wanafunzi wamenakili. Lakini mtu anayetaka kweli kujua roman ni kitu gani sikuwahi kumpata kabla ya siku ile. Niliudhika na nikafurahi kwa pamoja, sijui kama hilo linaeleweka.

Msichana aliweka ungo chini.

"Baba, iko shauri," alisema.

"Nini iko shauri?"

"Ile kitabu. Iko watu wawili, watoto ya ndugu. Wanagombania shamba ya ngazi," alisema, akiitaja michikichi kwa jina la kwetu.

Baba alimgeukia. Nikaona mgongo wake unanyooka.

"Nani alipanda?"

"Mutoto ya mudogo."

"Miaka ngapi?"

"Makumi tatu."

"Na ule mwengine?"

"Alikuwa ku mji. Alirudi na karatasi."

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema udongo iko ya baba yake."

"Mashahidi?"

"Wawili. Mumoja haone vizuri."

Aliuliza mpaka, akauliza kisima kiko upande gani, akauliza kama babu alisema neno kabla ya kufa. Msichana alijibu yote bila kufungua kitabu, na mimi nikawafuata kwa macho kutoka kwenye kiti changu chenye mgongo. Ukweli ni kwamba alikuwa anatetea fishi yake, na hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuulizwa maswali makali kama yale. Mwishowe baba akauliza lile alilokuwa akilifuata.

"Na muamuzi alikata namna gani?"

"Sijue, baba. Nilifika ku ukurasa makumi saba, ukairudisha."

Baba akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nami nikampa kitabu.

Tulihesabu upya palepale. Zilibaki kurasa mia na sitini na mbili na siku kumi na nne. Niliwaambia ukweli: ninacho kitabu kifupi zaidi kinachogusa haki, kilirudishwa jana na mwanafunzi mwingine, kurasa mia na kumi, na msichana akikichukua atafika bila jasho. Nilimkumbusha baba kwamba mtoto akianguka safari hii haitakuwapo nyingine. Alifahamu vizuri, alisema. Akamwuliza mtoto anataka kipi.

"Hii," alisema msichana.

Basi tukapunguza siku za kuandika kutoka tano hadi tatu, na kurasa zikabaki kumi na tano kwa siku. Baba aliongeza sharti moja: kila jioni amsomee yeye na kumtafsiria, ili aone mwenyewe kama hakuna Roma iliyojificha ndani.

Hilo ndilo lililoharibu hesabu. Kutafsiri kunakula muda, na yule mzee hakuwa msikilizaji wa kukaa tu; alimsimamisha kila ukurasa ili ahoji. Siku nne zilipopita nilimwuliza msichana amefika wapi, akasema tisini na nane. Angetakiwa kuwa mia na thelathini. Sikulala vizuri usiku ule. Nilijiambia kwamba nimemtwisha mtoto wa watu mzigo ili niridhishe udadisi wangu mwenyewe, na huenda ilikuwa kweli. Asubuhi nilimpelekea kile kitabu kifupi, nikakiweka kwenye dawati lake. Alikirudisha mezani kwangu mchana.

Kilichotokea nyumbani kwao alinisimulia baadaye. Alimwambia baba yake idadi ya kurasa zilizobaki na idadi ya siku, kama tulivyokuwa tukihesabu. Wakati huo kesi ya kitabuni ilikuwa imefika mbele ya muamuzi na mashahidi walikuwa wanaanza kuitwa. Mzee akasema, "Acha kunisomea. Soma weye mwenyewe. Utanieleza mwisho." Akamwamuru mdogo wa msichana achukue zamu ya dada yake ya kuteka maji. Siwajui wazazi wengi ambao wangejinyima mwisho wa shauri kwa ajili ya pointi za Kifaransa.

Alimaliza siku mbili kabla ya muda. Jioni ile alimweleza baba hukumu: shamba lilikwenda kwa mwenye karatasi. Mzee alikasirika. Hakukubali kabisa. Aliyepanda miaka thelathini, anyang'anywe na mtu aliyekuwa mjini? Siku ya utetezi alikuja shuleni, kofia kichwani, akaomba ruhusa ya kukaa nyuma. Wazazi hawaji siku ile, lakini hakuna sheria inayowakataza, nikampa benchi la mwisho.

Msichana alisimama. Mwandishi, wahusika, muhtasari, mada, yote yalikwenda vizuri, Kifaransa chake kikijikwaa hapa na pale na kuinuka. Wanafunzi wenzake walisikiliza kuliko kawaida. Kisha alifika kwenye maoni. Sehemu hiyo naijua kwa moyo. Katika fishi kumi, tisa zinasema kitabu ni kizuri na kinatufundisha mengi. Yeye alisema muamuzi wa kitabu alikata vyema, lakini kwa sababu mbaya.

Nyuma, mzee alisimama. "Alikata mbaya," alisema kwa Kiswahili. "Mwenye kupanda iko na haki."

Darasa lote likageuka. Ningeweza kumkalisha, na labda mwalimu mwenye busara zaidi angemkalisha. Mimi nilitaka kusikia.

"Baba, iko ukurasa mia na makumi munane na munane," msichana alisema. "Ile sikukusomea."

"Inasema nini?"

Aliufungua na kusoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Ilikuwa sentensi mbili tu, katika sehemu ya jikoni, wanawake wakipika na kuongea mambo mengine. Mke wa yule aliyepanda anasema kwamba kila mavuno, miaka yote, mume wake alipeleka kichala cha kwanza cha ngazi kwa mama wa yule aliyekuwa mjini. Nimefundisha kitabu hicho mara tatu. Mahali pale nilipapita kila mara nikidhani ni mapishi.

Sikuhitaji kuwaeleza wanafunzi maana yake, na nyinyi mliokulia kwetu pia hamhitaji. Kwa wengine nitasema: anayelima udongo wa mtu humpelekea mwenye udongo kitu kidogo katika mavuno ya kwanza. Si malipo. Ni kukiri kwamba hapa si pangu. Akipeleka mwaka mmoja huenda ni ukarimu, lakini akipeleka miaka thelathini amekwisha kujihukumu.

"Muamuzi aliangalia karatasi," msichana alisema. "Karatasi mutu anaweza kuandika. Ile ngazi hakuna mutu aliyemulazimisha kupeleka. Alipeleka juu alijua udongo haiko yake."

Mzee alitembea kati ya madawati hadi mbele. Aliomba kitabu. Alikishika kwa mikono miwili, akamwambia amwonyeshe mstari, na msichana akaweka kidole pale. Akautazama mstari ambao hakuweza kuuelewa, muda mrefu, mpaka wanafunzi wakaacha kunong'ona.

"Nimeshindwa," alisema.

Nilimpa msichana kumi na sita kati ya ishirini. Zilimtosha kupita, na zilibaki. Niliziandika palepale kwa kalamu nyekundu juu ya fishi, nikidhani mzee atataka kuziona. Hakuziangalia. Aliniuliza maoni yameandikwa wapi. Nikamwonyesha ukurasa wa mwisho, sehemu ya chini. Akaniambia kwamba kwa chefu mtu aliyeshindwa hutia kidole chini ya hukumu, ili kesho asije akasema hakushindwa, na je, hapa wino uko wapi?

Sikuwa na wino wa muhuri. Nilishika kidole gumba chake, nikakipaka kalamu yangu nyekundu taratibu hadi kikajaa, naye akakikandamiza chini ya maoni ya binti yake.